Watimita mbili au tatu? Kupima nguvu ya mota ya kinu cha posho na kuipata pawa fakta yake

Mwenye kinu cha kusaga mahindi mjini Iganga anapotaka kujua mota yake inakula umeme kiasi gani, na kama kununua kapasita kutamfaa, fundi aliyeitwa huwa na njia tatu za kupima. Anaweza kufunga watimita moja na kuzidisha kwa tatu. Anaweza kufunga watimita mbili na kujumlisha. Au anaweza kufunga tatu, moja kwa kila fezi. Kila moja ya njia hizo inaweza kutoa jibu sahihi, na kila moja inaweza kutoa jibu la uongo lenye sura nzuri kabisa. Hapa nitazilinganisha kwa kutumia mota moja tu, kwa sababu tofauti za njia hizi huonekana vizuri zaidi pale kitu kinachopimwa kinapobaki kilekile.

Mota yenyewe ni ya kilowati 15, inatumia umeme wa fezi tatu wa volti 415 na hezi 50, ambao ndio wa kawaida Uganda. Inapelekewa nyaya tatu za umeme, bila nyutro, mbali na waya wa ardhi. Mahindi yakiwa yanamiminika vizuri, kila waya unabeba ampia 26 na pawa fakta, yaani wati halisi zikigawanywa kwa volti-ampia, ni 0.85. Mahindi yakiisha na kinu kikiendelea kuzunguka kitupu, mkondo unashuka hadi ampia 10.5, lakini pawa fakta inaanguka hadi 0.2. Ni takwimu za mfano, ila haziko mbali na zile ambazo mota ya ukubwa huo huonyesha. Msomaji azishike hali hizo mbili, ya kusaga na ya kuzunguka kitupu, kwa kuwa njia inayofaa katika ya kwanza inaweza kumpotosha mtu katika ya pili.

Watimita moja

Njia hii nitaipitia upesi. Watimita moja hupima fezi moja dhidi ya nyutro, kisha jibu linazidishwa kwa tatu. Mota yetu haina nyutro, hivyo fundi analazimika kutengeneza kituo cha nyota cha bandia kwa rezista mbili ambazo kila moja ina ukinzani sawa na ule wa saketi ya volteji ya watimita. Hilo linawezekana. Tatizo ni kwamba njia hii inachukulia fezi zote tatu ziko sawa, na kasoro yoyote iliyo katika fezi iliyopimwa inazidishwa kwa tatu pamoja na jibu. Watu wengine huihamisha watimita moja kutoka waya mmoja hadi mwingine ili ifanye kazi ya mbili. Ujanja huo unafaa kwa pampu ya maji yenye mzigo tulivu, si kwa kinu ambacho mzigo wake hubadilika kila mtu anapomimina debe jingine.

Watimita mbili

Ushindani wa kweli ni kati ya mbili na tatu. Katika njia ya mbili, watimita ya kwanza hupitisha mkondo wa waya mwekundu, na volteji yake huchukuliwa kati ya mwekundu na wa njano. Watimita ya pili hupitisha mkondo wa waya wa buluu, na volteji yake huchukuliwa kati ya buluu na wa njano. Waya wa njano hauna watimita yoyote. Ni mahali pa kurejea tu.

Mtu anayeiona kwa mara ya kwanza huuliza, na ni haki yake kuuliza, nguvu ya fezi ya njano imehesabiwa wapi. Jibu ni kwamba panapokuwa na nyaya tatu tu, mkondo wa njano hauna uhuru wake. Kila kinachoingia kwa mwekundu na buluu lazima kitoke kwa njano, na kinyume chake, katika kila nukta ya wakati. Kwa hiyo mikondo miwili ikijulikana, wa tatu umekwisha kujulikana, na watimita mbili zinatosha kubeba habari yote. Mhandisi Mfaransa André Blondel ndiye aliyeiweka kanuni hii kwa ujumla mwaka 1893: mzigo wenye nyaya kadhaa unahitaji idadi ya watimita iliyopungua moja kuliko idadi ya nyaya. Nyaya tatu, watimita mbili; nyaya nne, watimita tatu. Kanuni hii haidai fezi ziwe sawa, na haijali kama mota imeunganishwa kwa nyota au kwa delta. Jumla inabaki sahihi hata fezi moja ikibeba mkondo mkubwa kuliko nyingine.

Mzigo ukiwa umelingana na mfuatano wa fezi ukiwa mwekundu, njano, buluu, watimita mbili hutoa jambo la ziada, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloifanya njia hii ipendwe. Zinatoa pawa fakta bila kuhitaji mita nyingine. Watimita ya mwekundu, tuiite W1, huona pembe ya digrii 30 ikiongezwa pembe ya mota, φ, yaani kiasi ambacho mkondo wa fezi unachelewa nyuma ya volteji yake. Ya buluu, W2, huona digrii 30 ikiondolewa pembe hiyo. Kutokana na hapo:

```
P = W1 + W2
Q = √3 × (W2 − W1)
tan φ = Q / P
pawa fakta = cos φ
```

P ni nguvu halisi kwa wati. Q ni ile nguvu inayokwenda na kurudi kati ya mota na laini bila kufanya kazi, ambayo hupimwa kwa vari, na ndiyo inayotuambia kapasita iwe ya ukubwa gani.

Kinu kikiwa kinasaga, W1 inasoma wati 5,100 na W2 inasoma wati 10,785. Jumla ni wati 15,885. Tofauti yao ni 5,685, ambayo ikizidishwa kwa 1.732 inatoa karibu vari 9,850. Ukigawa 9,850 kwa 15,885 unapata 0.62; pembe yake ni digrii 31.8 na pawa fakta ni 0.85. Hadi hapa hakuna taabu yoyote, na fundi wengi huishia hapa wakiwa wameridhika.

Sasa mahindi yaishe. Pembe ya mota inapanda hadi digrii 78.5, na W1, inayoongeza digrii 30 juu yake, inavuka digrii 90 na kwenda chini ya sifuri. W2 inasoma wati 2,890, na W1 inasoma wati 1,380 kwa upande wa hasi. Kwenye watimita ya mshale, mshale unarudi nyuma na kugonga kizuizi. Fundi anageuza swichi ya mwelekeo ili aweze kusoma, anaandika 1,380, na kusahau alama ya hasi. Hapo ndipo kosa kubwa la njia hii linapozaliwa. Jibu sahihi ni 2,890 kuondoa 1,380, yaani wati 1,510. Tofauti ni 2,890 kujumlisha 1,380, yaani 4,270, na Q ni karibu vari 7,400. Tangenti inakuwa 4.9 na pawa fakta inakuwa 0.20, kama tulivyotarajia.

Aliyesahau alama ya hasi anapata jumla ya wati 4,270 na tofauti ya 1,510. Akiingiza namba hizo katika kanuni, tangenti yake inakuwa 0.61 na pawa fakta inakuwa 0.85. Tazama vizuri: ni karibu ileile pawa fakta ya kinu kinachosaga! Mtu mwenye namba hiyo atamwambia mwenye kinu kwamba mota yake ina pawa fakta thabiti wakati wote, na ataamini kabisa anachosema.

Kinga ya kosa hili ni rahisi, nami naiona kuwa sehemu ya kipimo chenyewe. Soma volteji na mkondo wa laini kwa mita ya klampu, kisha zidisha 1.732 kwa volti kwa ampia. Kwa mota yetu isiyo na mahindi unapata 1.732 × 415 × 10.5, yaani karibu volti-ampia 7,550. Sasa gawa wati zako kwa namba hiyo. Wati 1,510 zinatoa 0.20, sawa na ile iliyotoka kwenye tangenti. Wati 4,270 zinatoa 0.57, na tangenti imesema 0.85. Njia mbili za kuhesabu kitu kimoja zimegombana, na ugomvi huo unamaanisha kwamba alama imekosewa au waya mmoja umefungwa kinyume.

Kutofautisha kati ya hayo mawili hakuhitaji vifaa, kunahitaji mahindi. Acha watimita zikiwa zimefungwa, kinu kikizunguka kitupu, kisha agiza mahindi yamiminwe polepole. Kama W1 ni hasi kwa haki yake, itapanda kuelekea sifuri mzigo unapoongezeka, itapita sifuri pale pawa fakta inapofika 0.5, na itaendelea upande wa chanya. Kama kilichogeuzwa ni ncha za watimita au za transfoma ya mkondo, utaona kinyume: W1 inaanza ikiwa chanya na kushuka chini ya sifuri kadiri mota inavyofanya kazi zaidi. Transfoma ya mkondo ndiyo mshukiwa wa kwanza, kwa sababu kwa ampia 26 fundi wengi hutumia ya 50 kwa 5, na alama zake P1 na P2 hufichwa na vumbi la unga. Anayetaka kurekebisha ncha hizo azime mota kwanza, kwani upande wa pili wa transfoma hiyo hauachwi wazi hata kidogo mkondo ukiwa unapita. Volteji inayozuka hapo inaweza kuua.

Kuna udhaifu mwingine wa njia ya mbili ambao hauondolewi kwa uangalifu. Kinu kikizunguka kitupu, jibu linatokana na kuondoa namba moja kubwa kutoka kwa nyingine kubwa. Tuseme kila watimita ina uwezo wa kusoma hadi wati 12,000 na kosa lake linaweza kufika asilimia 1 ya uwezo huo, yaani wati 120. Makosa mawili yakielekea upande mmoja yanafika wati 240. Kwa kinu kinachosaga hilo ni asilimia 1.5 ya jibu, jambo la kuvumilika. Kwa kinu kitupu ni asilimia 16 ya wati 1,510, na hapo kipimo kinakaribia kuwa makisio. Fundi ashushe uwezo wa watimita kabla ya kusoma hali hiyo, lakini asiushushe sana hadi mkondo uzidi kiwango cha koili. Watimita ikisoma wati chache huku mkondo ni mkubwa, koili yake inaweza kuungua ilhali mshale umelala.

Watimita tatu, na birika la chai

Watimita tatu hufungwa kila moja kwenye waya wake, na volteji zote hurejea nyutro. Kwa mota yetu isiyo na nyutro, ncha tatu za volteji huunganishwa pamoja na kuachwa zielee. Jumla bado inakuwa sahihi. Kinu kikisaga, kila watimita inasoma wati 5,295. Kikizunguka kitupu, kila moja inasoma karibu wati 503. Hakuna hasi, hakuna swichi ya kugeuza, na yeyote anayejua kujumlisha anaweza kusoma. Kwa upande huo, tatu zinawashinda mbili waziwazi. Zinaonyesha pia fezi ipi inaumwa: fyuzi ya njano ikiwa imelegea, watimita ya njano itashuka mbele ya macho yako, wakati katika njia ya mbili W1 na W2 zote zitabadilika na hutajua wa kulaumiwa.

Ila watimita tatu zenyewe hazikwambii pawa fakta. Kila moja inasoma namba ileile, na hakuna tofauti ya kuingiza katika tangenti. Ni lazima upime volti na ampia, ugawe, na hata hapo hutajua kama mkondo umechelewa nyuma ya volteji au umetangulia mbele yake. Jambo hilo la mwisho linaonekana dogo hadi pale kapasita inapoingia, na nitalirudia.

Mahali ambapo tatu hazina mbadala ni pale waya wa nne unapokuwapo. Tuseme kwenye kinu hichohicho mwenye mali ameleta nyutro, na kijana wake amechomeka birika la umeme la wati 2,400 kati ya fezi ya njano na nyutro. Birika linachukua ampia 10. Watimita mbili zilizofungwa kwa mwekundu na buluu zinaona nini? Hazioni kitu. Mkondo wa birika unapita kwa njano na kurudi kwa nyutro bila kugusa koili hata moja, kwa hiyo jumla inasoma sifuri kwa birika ambalo linachemsha maji mbele yako.

Lihamishe birika hilo hadi fezi nyekundu. Sasa mkondo wake wa ampia 10 unapita kwenye W1, lakini volteji ambayo W1 inaiona ni ile ya nyekundu na njano, karibu volti 415, iliyopishana na mkondo kwa digrii 30. Watimita inasoma wati 3,600. Birika lilelile, maji yaleyale, limesomwa sifuri kwanza na sasa limeongezewa nusu ya nguvu yake. Ukiliweka kwa buluu, W2 itasoma 3,600 hizohizo. Kosa linategemea mkondo wa nyutro na mahali ulipotokea, na hakuna kanuni ya kulisahihisha baadaye kwa kutumia namba za W1 na W2 peke yake.

Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya ubao wa umeme ni kuhesabu nyaya zinazokwenda kwa kile kinachopimwa, si kuuliza umebeba watimita ngapi. Bweni la wanafunzi, duka lenye friji na taa, karakana ya uchomeleaji yenye mashine zinazotumia fezi moja na nyutro: hizo zote zinataka tatu. Mota ya kinu, pampu ya maji, kreni, tanuri la fezi tatu lisilo na nyutro: hapo mbili zinatosha. Ukiwa na shaka, zungushia mita ya klampu kwenye waya wa nyutro. Ikisoma sifuri wakati wote wa kipimo, unaweza kutumia mbili. Ikisoma hata ampia mbili, ongeza ya tatu au uitenge mota na kuipima peke yake.

Mipaka ya kanuni ya tangenti

Ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Jumla ya watimita mbili ni sahihi kwa nyaya tatu hata mzigo ukiwa haujalingana. Tangenti si hivyo; inahitaji mikondo mitatu iliyo sawa na mawimbi yaliyo laini. Mikondo ikiwa ampia 26, 25 na 27, pawa fakta inayotoka bado inasaidia. Ikiwa 26, 18 na 30, tumia jumla tu na uisahau tangenti. Vivyo hivyo kwa mota inayoendeshwa na kifaa cha kubadilisha kasi: mkondo unaoingia kwenye kifaa hicho umevunjikavunjika, na hata watimita zikisoma nguvu halisi vizuri, pawa fakta ya tangenti itakuwa nzuri kuliko ile ya kweli, ambayo hupatikana kwa kugawa wati kwa volti-ampia.

Mfuatano wa fezi nao usidharauliwe. Nyaya mbili zikibadilishana mahali kabla ya watimita, W1 na W2 zinabadilishana kazi, na mota inayochelewesha mkondo itaonekana kana kwamba inautanguliza. Kipima mfuatano kidogo cha mkononi kinamaliza swali hilo kwa dakika moja.

Kuchagua kapasita kwa namba hizi

Turudi kwa mwenye kinu, ambaye alitaka kujua kuhusu kapasita. Mota inaposaga inahitaji karibu kilovari 9.85, inapozunguka kitupu inahitaji 7.4. Muuzaji anayetazama hali ya kusaga peke yake atashauri kapasita ya kilovari 10, na kwa hali hiyo ushauri wake unapendeza, kwa maana pawa fakta inakaribia 1. Lakini desturi ya kazi hii ni kwamba kapasita iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota isizidi asilimia 90 ya kilovari ambazo mota inahitaji ikiwa tupu, kwa kuwa mota inayozimwa ikiwa bado inazunguka inaweza kujizalishia volteji kutokana na kapasita iliyo kubwa mno. Asilimia 90 ya 7.4 ni karibu 6.6. Kapasita ya kilovari 6 inafaa, na kinu kikisaga pawa fakta inapanda kutoka 0.85 hadi 0.97.

Hapa watimita mbili zinarudisha deni lao. Ukizifunga upande wa laini kabla ya kapasita ya kilovari 6, kinu kitupu kitasoma W1 karibu wati 350 na W2 karibu 1,160; zote chanya, na W2 bado ndiyo kubwa, maana yake mkondo bado unachelewa. Ukiwa umefunga ile ya kilovari 10, W2 itaanguka hadi karibu sifuri na W1 itapanda hadi karibu wati 1,510. Mita zimebadilishana mahali, mkondo umetangulia volteji, na pawa fakta ni 0.5 ya upande usiotakiwa. Watimita tatu katika hali zote mbili zingesoma wati 503 kila moja, zikiwa zimetulia kana kwamba hakuna kilichobadilika.